Rambirambi kwa Kiarabu: hamza, viambishi na mama wa mwenzako

Tuseme unafanya kazi Maskati, katika ofisi yenye Waomani, Wamisri na Waswahili wachache. Asubuhi taarifa inaingia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: mwenzenu wa meza ya pili, mwanamume, amefiwa na mama yake. Dakika haijaisha, watu wameshaanza kuandika. Kiarabu cha kuzungumza unacho, cha kuandika kinakupiga chenga, kwa hiyo unafanya wanalofanya wengi: unatafuta taazia iliyokwisha kuandikwa, unainakili, unabadilisha neno moja au mawili, unatuma. Inasomeka hivi:

أخي العزيز، عظم الله أجركم وأحسن الله عزائك في وفاة والدتك المغفورة لها، تغمده الله بواسع رحمته وأسكنه فسيح جناته وألهم أهله وذووه الصبر والسلوان

Hakuna atakayekukosoa. Mfiwa atashukuru, na ndivyo inavyopasa. Lakini mna makosa matano humo, na moja limemgeuza marehemu mama wa watu kuwa mwanamume. Yote yanaweza kuepukwa bila kusomea nahau miaka mitatu, kwa sababu taazia ya Kiarabu haina maneno mengi na vitendo vyake vinafuata mtindo mmoja.

Tuanze na vitendo hivyo. Adhama, ahsana, ghafara, taghammada, askana, alhama: vyote viko katika wakati uliopita, maadhi. Mwanafunzi wa madrasa aliyefundishwa kwamba maadhi ni jambo lililokwisha kutendeka atasoma adhama Llahu ajraka kuwa ni habari, kwamba Mwenyezi Mungu ameyakuza malipo yako. Siyo habari. Katika dua, Kiarabu hutumia umbo la wakati uliopita kuomba, kama anayeomba anavyolitaja jambo kwa yakini ya mtu aliyekwisha kujibiwa. Sisi hapo tungetumia umbo la kuomba: Mungu ayakuze malipo yako. Ajri inayotajwa ni ya subira ya mfiwa juu ya msiba wake.

Ukitaka kuthibitisha kwamba maadhi hii ni ya dua, tazama inavyokanushwa. Habari ya wakati uliopita kwa kawaida hukanushwa kwa “ma”. Lakini katika taazia kuna kauli mashuhuri inayotumia “la”:

لا أراكم الله مكروهًا في عزيز لديكم

La arakumu Llahu makruhan fi azizin ladaykum, yaani Mungu asiwaonyeshe baya kwa mpendwa wenu yeyote. Ukiweka “ma” mahali pa “la”, dua inageuka kuwa ripoti: Mungu hakuwaonyesha baya. Na hiyo kumwambia mtu aliyetoka kumzika mama yake jana itakuwa kituko.

Turudi kwenye ujumbe wetu. Kosa linaloonekana kila siku, hata katika taazia za Waarabu wenyewe, ni hamza ya neno azaa, lenye maana ya subira na faraja. Katika ahsana Llahu azaaka, mtendaji ni Allahu, na azaa ni yambwa, kitu kinachotendwa. Yambwa huchukua fataha. Sasa hamza ikija baada ya alifu na kufuatwa na kiambishi, hukaa mahali panapoamuliwa na irabu yake: ikiwa na dhumma hukaa juu ya wau, ikiwa na kasra hukaa juu ya kiti cha yaa, ikiwa na fataha hukaa peke yake kwenye mstari. Kwa hiyo neno moja lina sura tatu:

عزاؤك — عزائك — عزاءك

Ya kwanza ni ya mtendaji, ya pili ni ya neno linalotanguliwa na kihusishi kama “fi” au linalomilikiwa na neno jingine, ya tatu ni ya yambwa. Dua yetu inataka ya tatu. Anayeandika ya pili anaiandika kwa sababu jicho limeizoea kutoka kwingine. Simu nayo haitamzuia, maana neno lenyewe ni sahihi, ila limekaa pasipo pake.

Katika ujumbe wa Mwomani au Mkuwaiti utakutana na sura ya nne isiyo na hamza kabisa, عزاكم. Usiihesabu kuwa kosa la imla. Ni matamshi ya Ghuba yaliyoandikwa kama yanavyosikika, na kati ya marafiki yanapita vizuri. Kwa mgeni wa lugha, hata hivyo, ni salama zaidi kubaki kwenye Kiarabu fasaha, kwa sababu lahaja iliyokopwa nusunusu husikika vibaya msibani kuliko mahali pengine popote.

Kosa la pili ni المغفورة لها. Hapa Mswahili ana kisingizio kizuri. Kwetu marehemu ni marehemu, awe baba au mama, na neno halibadiliki. Kiarabu kinasema marhum kwa mwanamume na marhuma kwa mwanamke, basi mwandishi anafikiri maghfur nalo lifuate njia hiyo hiyo. Halifuati, na sababu iko katika kitendo chenyewe. Rahima humchukua mtu moja kwa moja: Mungu amemrehemu fulani. Anayerehemewa ni mtu, kwa hiyo neno linafuata jinsia yake. Ghafara haimchukui mtu hivyo. Kinachosamehewa ni dhambi, na mtu huja baada ya “li”: Mungu amesamehe kwa ajili yake. Kwa hiyo maghfur haimwelezi mama, na tamati ya kike haina kazi hapo. Linalombeba mama ni kiambishi cha mwisho:

المغفور له — المغفور لها

Al-maghfur lahu kwa baba, al-maghfur laha kwa mama. Waandishi waangalifu huongeza بإذن الله, kwa idhini ya Mungu, wasije wakaonekana wanampitishia mtu hukumu isiyo yao.

Sasa lile la kumgeuza mama kuwa mwanamume. Taazia nyingi zinazonakiliwa ziliandikiwa mwanamume, kwa hiyo maneno yake yamebeba “hu” mwishoni: taghammadahu, askanahu, ahlahu. Mnakili anabadilisha neno walid kuwa walida na kuridhika. Lakini jinsia imetawanyika hadi mwisho wa ujumbe, na kila “hu” inapaswa kuwa “ha”. Mimi humshauri mtu apige mstari chini ya kila kiambishi kabla ya kutuma na ajiulize huyu ni nani: mfiwa, marehemu, au Mungu. Katika بواسع رحمته na فسيح جناته ile “hi” ya mwisho ni ya Mungu, rehema zake na bustani zake, na hiyo haiguswi. Nimewahi kuona ujumbe ambao mwandishi, kwa bidii ya kusahihisha, aligeuza nazo zikawa za kike, mama akawa ndiye mwenye pepo.

Uchunguzi huohuo unafichua kosa la nne: mfiwa ameitwa ajrakum mwanzoni, kisha azaaka na walidataka. “Kum” ni ya wengi, na hutumika pia kumheshimu mtu mmoja au kumjumuisha na jamaa zake. “Ka” ni ya mwanamume mmoja, na kwa mwanamke ni “ki”, ingawa katika maandishi yasiyo na irabu zote mbili ni kafu ileile. Mkurugenzi mwandikie “kum”. Mwenzako mnayekula naye chakula cha mchana, “ka” inatosha na ina ukaribu. Ila chagua moja uende nayo mpaka mwisho.

La tano ni dogo. Dhawu, jamaa wa mtu, huwa dhawi linapokuwa yambwa. Baada ya alhama, aliyetiwa subira moyoni ni yambwa ya kwanza na subira yenyewe ni yambwa ya pili. Hivyo ni ذويها, na wau haina nafasi.

Ujumbe uliosafishwa, na kupunguzwa kidogo, ni huu:

أخي العزيز،
عظّم الله أجرك، وأحسن عزاءك، وغفر لوالدتك.
تغمّدها الله بواسع رحمته، وأسكنها فسيح جناته، وألهم أهلها وذويها الصبر والسلوان.

Mstari wa pili una vitendo vitatu na jina la Mungu limetajwa mara moja tu, kwa sababu vile viwili vinavyofuata vinamrudia mtendaji yuleyule. Mpangilio wake ni wa zamani. Imamu an-Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1277, anautaja katika kitabu chake cha al-Adhkar, huku akieleza kwamba taazia haina tamko moja la lazima. Dua mbili za mfiwa zinatangulia, ya marehemu inafuata. Mstari wa tatu ni wa mtindo wa tanzia za magazeti na barua za ofisi. Kwa rafiki wa karibu unaweza kuuacha wote ukaandika tu رحمها الله, na ujumbe usipungukiwe na kitu.

Inna lillahi wengi huitanguliza. Ukiiandika, angalia alifu ya baada ya nuni: إنا, “hakika sisi”. Ikidondoka inabaki إن, “hakika” peke yake, na wale “sisi” tunaokiri kuwa ni wa Mungu tunatoweka kwenye sentensi.

Wakati nao una kanuni yake. Kwa Mashafii, taazia ni ndani ya siku tatu, na baada ya hapo huchukiza kwa sababu inatonesha kidonda, isipokuwa kwa aliyekuwa hayupo. Oman nako wafiwa hukaa kupokea watu siku tatu, mara nyingi katika sabla, ukumbi wa watu wa mtaa au wa kabila. Ujumbe wa simu haukuondolei kwenda huko ukiwa mjini. Ukifika, dua ni ileile, ila irabu za mwisho hazitamkwi: adham Allah ajrak. Anayezikokota zote mbele ya mfiwa anafanana na msomaji wa taarifa ya habari.

Mfiwa wa Ghuba atakujibu ajrana wa ajrak, malipo yetu na yako. Mmisri wa ofisi hiyohiyo pengine atakuwa ameandika البقاء لله, kubaki ni kwa Mungu, na jibu lake ni ونعم بالله. Kauli hiyo ya البقاء لله haina kitendo hata kimoja, na Wamisri Waislamu na Wakristo huitumia sawasawa. Ile nyingine yao, البقية في حياتك, kwamba yaliyobaki yawe katika maisha yako, iache kwao. Baadhi ya wanavyuoni, hasa wa Saudia, huipinga kwa hoja kwamba umri wa marehemu haukubakisha kitu cha kumrithisha mtu. Wamisri wanaendelea kuisema, na wanajibizana حياتك الباقية.