Nanomita 27 za Ziada

Kalamu ya leza nyekundu ina kibandiko kilichoandikwa 650 nm. Wanafunzi wanaimulika kupitia greting, yaani kipande cha plastiki chenye mistari 300 katika kila milimita, na ukutani, mita 1 mbele, zinatokea nukta: moja katikati, nyingine kushoto na kulia. Wanapima, wanapiga hesabu, wanapata nanomita 677. Kwenye mjadala wa ripoti wanaandika "makosa ya kibinadamu", basi.

Maneno hayo hayaelezi chochote. Kila kosa huvuta jibu upande fulani na kwa kiasi fulani, na mjadala mzuri hupima kama sababu inayotajwa inatosha kuzaa tofauti iliyoonekana.

Hesabu yenyewe ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Kati ya mstari na mstari pana nanomita 3,333. Nukta ya kwanza ya pembeni ilikuwa sentimita 20.3 kutoka ile ya katikati. Wanafunzi walizidisha 3,333 kwa 20.3 wakagawa kwa 100. Njia hiyo ya mkato hutumia tanjenti ya pembe, ilhali kanuni, d sin θ = nλ, inataka saini. Pembe ikiwa ndogo sana hazipishani. Hapa imefika nyuzi 11.5, na zimeshaachana kwa asilimia 2. Ukitumia saini unapata 663. Nanomita 14 zimeondoka bila kifaa kuguswa.

Zimebaki 13. Wanafunzi walinyoosha futi kutoka ukutani hadi uso wa mbele wa kishikizo, kumbe plastiki yenyewe iko sentimita 1 nyuma yake. Umbali halisi ni 101, na jibu linashuka hadi 657.

Je, greting ilikaa upande? Hilo huonekana mapema: nukta ya kushoto na ya kulia hazilingani umbali. Ndiyo maana hupimwa zote mbili na kuchukuliwa wastani; anayepima upande mmoja tu hawezi kuligundua.

Nanomita 7 zilizosalia haziwezi kubebeshwa futi, kwa sababu kukosea milimita 1 kwenye nukta huleta kama nanomita 3 tu. Basi washukiwa ni wawili. Kalamu za bei nafuu hutofautiana moja na nyingine, na nyingi huruhusiwa kupishana na kibandiko kwa nanomita 10. Tena leza ya aina hii ikipata joto, urefu wa wimbi huongezeka kidogo. Au mistari ya greting si 300 kamili.

Kuwatenganisha kunahitaji leza ya heliamu na neoni, ambayo wimbi lake, nanomita 632.8, halitegemei kibandiko. Iwekwe palepale penye kalamu. Nukta zikitokea sentimita 19.5 kutoka katikati, greting ni nzima na kalamu kweli inatoa 657. Zikitokea 19.7 hivi, greting ndiyo yenye kasoro, na idadi yake ya mistari irekebishwe kabla ya kupima kingine.