TAARIFA YA HOSPITALI KUHUSU MALARIA: DALILI NI ZIPI, NA TWENDE WAPI



Tarehe 13 Machi 2017 Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza kwamba malaria imekuwa mlipuko nchini. Katika majuma yapatayo kumi ya mwanzo wa mwaka ule walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 1,800,000, na watu 700 walikuwa wamekufa. Wakati kama huo hospitali hutoa taarifa fupi redioni na magazetini: dalili ni hizi, nendeni mahali fulani. Maneno huwa machache na ya utulivu, na wengi wetu huyasikia kisha tukayasahau. Tumeona vema tuyaeleze moja moja, kwa faida ya wenzetu wa viwandani Gitega na wa mashamba ya kahawa Muyinga.

Kwanza, kwa nini hospitali inawatahadharisha hata watu wazima wenye nguvu? Mtu aliyekulia penye mbu wengi, kama bonde la Imbo, ameumwa mara nyingi, na mwili wake umejifunza kupigana na ugonjwa kiasi. Gitega iko kwenye mita 1,500 hivi, na Muyinga nayo ni nchi ya vilima. Malaria huku hupanda na kushuka kufuata mvua na joto, tena mabonde yaliyolimwa mpunga hufuga mbu. Kwa hiyo mlipuko unapofika, kijana mwenye kubeba gunia la kahawa anaweza kuzidiwa sawa na mtoto.

Dalili za mwanzo ni homa, kutetemeka kwa baridi, jasho, kuumwa kichwa na viungo, na kutapika. Uchovu wa kazi unaweza kufanana na hizo, ila uchovu hauleti homa. Penye homa, siku hiyo hiyo nenda kapimwe.

Twende wapi? Si lazima kukimbilia hospitali kubwa. Kilimani kuna abaremeshakiyago, nao kituo cha afya kilicho karibu hupima. Huchoma kidole, hutia tone la damu kwenye kipimo, na jibu hupatikana kwa muda wa dakika 20 hivi. Wote tukijazana hospitalini, aliyezidiwa atakosa kitanda.

Lakini ziko dalili ambazo haziruhusu kungoja: degedege, kuchanganyikiwa au kuzimia, kutapika kila kitu, kushindwa kukaa au kunywa, kupumua kwa shida, macho ya manjano, mkojo mweusi kama kahawa. Huyo apelekwe hospitali mara moja, hata usiku, maana anahitaji sindano ya atesuneti. Vidonge havimfai tena.

Tuchukue mfano. Mchumaji wa kahawa anashikwa na homa Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi anapimwa, anakutwa na malaria, naye hapewi dawa moja bali dawa mbili zilizochanganywa katika kidonge kimoja: atemetha na lumefantrini. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku, kwa siku 3, yaani vidonge 24. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Ale chakula, hasa chenye mafuta kidogo, ili dawa iingie vizuri mwilini. Jumatano homa inashuka, naye anataka kurudi kazini na kumwekea mtoto vidonge vilivyobaki. Hapo ndipo wengi hukosea. Vijidudu vilivyobaki katika damu huzaana tena, na mtoto naye anapewa dozi isiyo yake. Avimalize vyote 24.

Baada ya majuma mawili anaumwa kichwa, anapimwa tena, na kipimo kile kinaonyesha malaria. Huenda si ugonjwa mpya. Vipimo vingi vya haraka huendelea kuona mabaki ya vijidudu vilivyokufa kwa majuma kadhaa. Amwambie mganga kwamba ametibiwa juzi, ili damu itazamwe kwa hadubini.

Na kipimo kikisema hakuna malaria, homa ina sababu nyingine, nayo itafutwe. Mwaka 1997 maelfu ya watu katika kambi za wakimbizi wa ndani walishikwa na homa waliyoiita sutama. Ilikuwa tifasi iletwayo na chawa wa nguo, na dawa ya malaria haiitibu.

Tunajua kinachowachelewesha wenzetu: asiyechuma leo halipwi leo. Lakini anayepimwa siku ya kwanza hupoteza siku chache, na anayefika amezimia hupoteza mwezi, au maisha. Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wetu kila penye kazi wapatane na msimamizi mapema, kabla ya mvua, kwamba mwenye homa ataachiwa kwenda kupimwa bila kufutiwa siku yake, naye arudi na karatasi ya kituo cha afya.