Bangi Juu ya Pombe: Kwa Nini Kichwa Huzunguka na Mtu Hutapika

Wakazi wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wanakumbushwa kuwa bangi, iliyopigwa marufuku na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, huleta madhara makubwa zaidi inapovutwa baada ya kunywa pombe.

Pombe iliyotangulia huongeza kiasi cha kilevi cha bangi kinachoingia katika damu. Hivyo msokoto uleule hulevya zaidi. Pombe hupenya pia sikio la ndani, penye viungo vinavyoongoza mizani ya mwili, na ubongo hudhani mtu anazunguka ilhali amelala. Bangi nayo huweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama. Mambo hayo yakikutana, hufuata jasho, kichefuchefu na kutapika.

Hatari kubwa ni aliyelewa kupoteza fahamu na kupaliwa na matapishi. Alazwe kwa ubavu, asilazimishwe kutapika wala kunywa chochote, na asiachwe peke yake. Asipoamka anapoitwa, au akipumua polepole mno, apelekwe mara moja hospitali iliyo karibu, na wanaomsindikiza waeleze bila kuficha alichotumia.