Unaomba kazi ya kulea mtoto Lushoto? Hivi ndivyo barua yako itaaminika

Barua nyingi za dada wanaoomba kazi ya kulea watoto zinafanana: "Mimi ni mwaminifu, mchapakazi na napenda watoto." Mama anayetoka kwenda kazini saa moja asubuhi hana njia ya kuhakiki maneno hayo. Anachoweza kuhakiki ni familia ulizokaa nazo, muda uliokaa, na unavyofanya mtoto akiwa mikononi mwako.

Chukulia dada wa miaka 24 kutoka Mlalo. Anaomba kazi kwa familia ya Lushoto mjini yenye mtoto wa miezi 14 na mwingine wa miaka 4. Kabla ya hapo amelea katika nyumba mbili, Soni na Tanga mjini.

Familia za nyuma

Badala ya "nina uzoefu wa miaka mitatu", anaandika hivi:

"Machi 2022 hadi Aprili 2024 nilikaa Soni. Nilimpokea mtoto akiwa na miezi 5, nikamwacha ana miaka miwili na nusu. Niliondoka kwa sababu mama alihamishwa kikazi. Baadaye nilikaa Tanga miezi 8. Huko nilitakiwa kulea na kuuza duka kwa wakati mmoja, mtoto akawa anabaki peke yake, nikaaga."

Ile miezi 8 wengi wangeificha. Lakini pengo huulizwa, na jibu la kubabaika huharibu kila kitu. Hapa sababu imetajwa bila kumsema vibaya mwajiri, na inaonyesha dada anajua mtoto mdogo haachwi peke yake.

Kabla ya kuandika namba za familia hizo, awapigie kuomba ruhusa. Majina ya watoto na shule wanazosoma asiyaandike. Mama mpya akiyaona atajiuliza kama na ya wanawe yatasambazwa hivyo hivyo.

Karatasi gani ziambatane?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Majumbani wengi hawakitoi. Kama hukupewa, kiombe, au angalau uandikiwe barua fupi: tarehe ya kuanza na kumaliza, umri wa mtoto, kazi ulizofanya, sahihi na namba ya simu.

Barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji nayo inafaa, ila ujue mpaka wake. Inathibitisha kwenu ni wapi na kwamba unajulikana. Haisemi unaleaje mtoto.

Usalama uandikwe kwa vitendo

"Nazingatia usalama" haimwambii mama kitu. Lushoto kuna baridi, hasa Juni na Julai, na baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata makaa yasiyotoa moshi bado huitoa, na waliolala wanaweza wasiamke. Kwa hiyo sentensi hii ina uzito: "Jiko la mkaa siliingizi chumba cha kulala. Mtoto namwongezea nguo."

Kisha maji ya kuoga: "Naanza kuweka maji ya baridi kwenye beseni, ndipo naongeza ya moto, nakoroga na kupima kwa kiwiko. Mtoto akiungua, namwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 huku nampigia mama. Sipaki dawa ya meno." Mtu aliyezoea kazi huandika hivyo bila shida. Aliyenakili barua ya mwenzake atakwama akiulizwa kwa nini maji ya baridi yanatangulia. Jibu ni kwamba beseni lenye maji ya moto pekee, hata kwa dakika moja, linatosha kumuunguza mtoto akilifikia.

Mwajiri afanye nini?

Apige namba zile mwenyewe, aulize mambo ambayo hayamo kwenye barua: mtoto alikuwa analala saa ngapi? Aliwahi kuanguka, na nani alikwambia? Ungempokea tena dada huyu? Baadaye amuulize dada maswali yale yale. Mzazi halisi hukumbuka mambo hayo. Rafiki aliyepangwa ajifanye "bosi wa zamani" huishia kusifia tu.

Swali la kuanguka ndilo zito zaidi. Watoto huanguka hata kwa mlezi mzuri. Mama wa Soni akijibu, "Alianguka, na dada alinipigia kabla sijajua," hapo kuna mlezi ambaye hatamficha mama jambo baya.