Majina Yasiyozikwa (Sehemu ya Pili): KCC ni ya Nani?

Agiza chai ya maziwa katika kihoteli chochote pale sokoni Tabaka, na huenda ukasikia kijana akitumwa dukani "alete KCC", hata kama rafuni kuna maziwa ya kampuni nyingine tatu. Wachongaji, unga wa mawe ukiwa umewakaa hadi kwenye kope, watakunywa bila kuuliza. Mimi nauliza: KCC ipi?

Ya kwanza, Kenya Co-operative Creameries, ilianzishwa mwaka 1925 na walowezi. Baada ya uhuru wafugaji Waafrika nao wakaingia. Waliokuwa shule za msingi baada ya 1979 wanaikumbuka kwa Maziwa ya Nyayo, vile vipakiti vya pembe tatu tulivyovikata ncha kwa meno. Soko la maziwa lilipofunguliwa mwaka 1992, wapinzani walijitokeza huku KCC ikilemewa na madeni. Wafugaji walipeleka maziwa na kungoja malipo miezi na miezi. Mwisho wa muongo huo kampuni ikawekwa mikononi mwa meneja mrasimu.

Hapo ndipo wengi hupotea. Mrasimu anaweza kuuza mali bila kuuza kampuni yenyewe: viwanda, malori, mitambo, na jina pia, kwa kuwa jina ni mali. Mnunuzi alikuwa KCC 2000 Limited, kampuni ya watu binafsi.

Chukua mfano wa mfugaji anayedai shilingi 20,000 za maziwa. Asubuhi analiona lori lile lile, lenye herufi zile zile tatu, likipita barabara ya Sotik. Analisimamisha adai haki yake. Kisheria amemsimamisha mtu asiyewahi kupokea hata tone la maziwa yake. Deni lake limebaki kwa kampuni ya zamani, isiyo na lori tena, na huko anapanga foleni nyuma ya benki zenye dhamana. Kama pia ana hisa katika kampuni hiyo, hizo ziko nyuma zaidi, kwa maana mwenye hisa hulipwa wa mwisho, kama kuna kilichosalia.

Mwaka 2003 serikali ya Kibaki ilivirudisha viwanda mikononi mwa umma, ikaunda New Kenya Co-operative Creameries. Hii ni kampuni ya tatu kutumia jina hilo, nayo ni shirika la serikali. Neno "Co-operative" limebaki ndani ya jina, lakini ushirika wenyewe haumo: anayepeleka maziwa leo ni muuzaji tu, si mwenye kampuni.

Ikiwa marehemu babu alikuachia cheti cha hisa, kisome vizuri kabla hujapanda matatu kwenda kudai gawio. Kama hakina neno "New", usibishe hodi kwa kampuni ya leo. Hizo ni hisa za ile iliyokufa.