Chupa Mbili Zinazofanana: Usaili wa Majaribio wa Msaidizi wa Famasi

Usaili wa msaidizi wa famasi hauanzi kwa kumuuliza mwombaji sifa zake. Mfamasia anayeajiri humpa cheti cha daktari, humwekea chupa mbili mezani, kisha hunyamaza amtazame. Mazungumzo yafuatayo ni ya kubuni, yamepangwa kwa ajili ya mazoezi, na yamewekwa katika famasi ya mtaani nchini Tanzania. Cheti ni cha mtoto mwenye kilo 12 aliyegunduliwa kuwa na nimonia: amoksilini ya maji, miligramu 500, mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Chupa zote mbili ni za mililita 100, za kampuni moja na zina boksi la rangi ileile. Tofauti iko kwenye maandishi madogo: moja ina miligramu 125 katika kila mililita 5, nyingine ina 250.

Msaili: Karibu, dada. Cheti hicho hapo. Utatoa nini?

Msailiwa: Asante, mama. Kwanza nasoma jina la mtoto, umri na uzito, halafu naangalia kama dozi inaendana na uzito. Kwa nimonia ni kama miligramu 40 kwa kila kilo, kila anapokunywa. Kilo 12 ni 480, kwa hiyo 500 iko sawa.

Msaili: Na kama daktari angeandika 50?

Msailiwa: Nisingeibadilisha mwenyewe. Ningekuonyesha wewe, na daktari angepigiwa simu.

Jibu hilo la pili lina uzito kuliko hesabu yenyewe. Msaidizi hana mamlaka ya kusahihisha cheti, ila anatakiwa kushtuka anapoona namba isiyokaa sawa. Sifuri iliyosahaulika ni kosa la kalamu tu, lakini ikipita bila mtu kuiona, mtoto anapata sehemu moja ya kumi ya dawa.

Msaili: Haya, chagua chupa.

Msailiwa: Ya 250. Miligramu 500 ni mililita 10. Mara mbili kwa siku ni mililita 20, kwa siku 5 ni 100. Chupa moja inatosha kamili. Kama ipo ya 125 peke yake, itakuwa mililita 20 kila mara, na chupa mbili.

Ingawa kwenye karatasi hesabu hii ni nyepesi, kaunta yenye foleni ni mahali pengine kabisa. Jicho la mtu aliyezoea kazi halisomi kila herufi. Linatambua rangi, umbo na mahali chupa inapokaa, kisha ubongo unajaza yaliyobaki. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuishika chupa ya 125 na akaapa kwamba ameona 250. Majina nayo huponza kwa njia hiyohiyo: kabamazepini ni ya kifafa, kabimazoli ni ya tezi ya shingo, na kwa mwandiko wa haraka yanakaribiana mno. Kuambiana “tuwe makini” hakusaidii sana hapa. Kinachosaidia ni kutenganisha chupa hizo kwenye rafu, kusoma lebo wakati wa kuitoa chupa, wakati wa kuandika maelekezo na wakati wa kukabidhi, na mtu wa pili kuhakiki kwa kulinganisha na cheti. Akilinganisha na maneno ya mwenzake atarithi kosa lilelile.

Msaili: Mama wa mtoto yuko hapa. Mkabidhi dawa.

Msailiwa: Nagonga chupa ili unga uachane, naweka maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kiasi, natikisa, kisha naongeza hadi kwenye alama. Halafu namwambia: “Mama, huyu atakunywa hadi hapa kwenye kikombe, mililita 10, asubuhi na jioni, kwa siku 5, hata akipata nafuu mapema. Tikisa kila mara. Kabla hujaondoka, hebu nieleze utakavyompa.”

Ombi hilo la mwisho hufichua mengi. Kwenye bahasha nyingi maelekezo huandikwa kwa mkato, “1x3”, na mteja huitikia kwa kichwa hata kama hajaelewa. Anapoambiwa aeleze kwa maneno yake, ndipo inajulikana kwamba alikuwa amepanga kutumia kijiko cha jikoni, na vijiko vya nyumbani havina kipimo kimoja. Maji nayo yakizidi alama, dawa huzimuliwa na kila dozi hupungua.

Msaili: Sasa mimi ni mteja. “Dada, nina mafua na koo linawasha. Nipe amoksilini, vidonge vinne tu.”

Msailiwa: Pole, mama. Yameanza lini? Kuna homa, kubanwa kifua, au kukosa pumzi?

Msaili: Tangu juzi. Homa hakuna. Nipe tu, mwenzako wa duka la pili ananipa.

Msailiwa: Mafua haya yanaletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Vinne navyo si dozi. Naweza kukupa parasetamoli ya koo, na unywe vitu vya moto. Ukianza kupata homa kali au kupumua kwa shida, nenda hospitali ukapimwe.

Wasailiwa wengi hujibu swali hili kwa neno moja: “Siuzi bila cheti.” Ni kweli kwamba antibayotiki ni dawa za cheti, lakini mteja aliyejibiwa hivyo atavuka barabara na kununua kwingine. Msaili anapima kama mwombaji anauliza kabla ya kukataa, maana mteja huyohuyo angeweza kuwa na nimonia, na hapo kumpa parasetamoli na kumwacha aende lingekuwa kosa kubwa zaidi.

Swali la maadili hurudi kwenye chupa zilezile, na hapo ndipo wengi hukwama.

Msaili: Saa mbili usiku unahesabu dawa. Chupa za 250 zimezidi moja, za 125 zimepungua moja. Unafanyaje?

Msailiwa: Inawezekana yule mtoto alipewa ya 125 huku lebo inasema mililita 10. Atakuwa anapata 250 badala ya 500, nusu ya dozi. Nakwambia saa hiyohiyo, natafuta namba ya mama kwenye daftari, namwambia kuna chupa isiyo sahihi na tunamletea nyingine. Wewe ndiye utakayesema siku zihesabiwe vipi. Halafu naandika kwenye daftari la makosa.

Msaili: Na kama mwenye famasi anasema nyamaza, tutapoteza wateja?

Msailiwa: Mtoto ana nimonia. Nitakuwa nimeshakwambia wewe, na wewe ndiye msimamizi.

Kosa la kupunguza dozi ni gumu kuligundua kwa macho, kwa kuwa mtoto hatapiki wala hapati vipele. Anaendelea tu kupumua kwa kasi, na nyumbani huonekana kana kwamba dawa haimfai. Hesabu ya rafu inaweza kulifichua kabla ya mgonjwa kurudi. Famasi isiyohesabu kila jioni, au inayomkata mfanyakazi mshahara kila akiungama kosa, haitapata taarifa hiyo kabisa.

Maswali ya siri za wateja hujibiwa kwa haraka zaidi. Jirani akiuliza shemeji yake alinunua nini, haambiwi, iwe ni kipimo cha mimba au panadoli.

Mwishoni mwombaji hupewa nafasi ya kuuliza. Aliyejiandaa huuliza nani anahakiki dawa zamu ya usiku mfamasia anapokuwa hayupo, chupa zinazofanana zinakaa rafu gani, na daftari la makosa liko wapi.