Saa Nane ya Dirishani: Nilichojifunza Kwenye Ripoti ya Mwenzangu wa Famasia

Mwenzangu wa chumba anasoma famasia. Ijumaa moja jioni alirudi kutoka hospitali alikopangiwa mafunzo kwa vitendo, akavua koti jeupe, akanitupia daftari lake kitandani. "Wewe si mwalimu? Hebu nisomee hii kabla sijaipeleka. Ni ripoti ya wiki ya kwanza."

Nikaisoma. Jumatatu alipanga dawa stoo, zinazokaribia kuisha muda zikikaa mbele ili zitoke kwanza. Kuanzia mchana alikaa dirishani. Alieleza hatua kwa hatua: unapokea cheti, unaangalia jina, umri, dawa, kipimo na idadi ya siku, unahesabu vidonge kwenye trei tano tano, unaandika bahasha, unamwita mgonjwa, unamweleza. Mwisho kabisa akaandika: "Katika wiki hii nimejifunza umuhimu wa mawasiliano mazuri kati ya mfamasia na mgonjwa."

Nikamwambia ukweli. Sentensi hiyo angeweza kuiandika hata bila kufika hospitali. Sisi wa elimu tunaandika ripoti za namna hii kila tukienda kufundisha, na wengi tunapita kwenye mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988: kilitokea nini, ulijisikiaje, nini kilikwenda vizuri na nini vibaya, kwa nini, umejifunza nini, na safari nyingine utafanyaje. Yeye alikuwa ameruka kutoka "kilitokea nini" hadi "nimejifunza". Nikamuuliza, "Wiki nzima hakuna kitu kilichokunyima usingizi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kipo. Ila nikikiandika nitakatwa maksi."

Kitu chenyewe ni hiki, na ameniruhusu nikieleze hapa.

Alhamisi alihudumia mzee mmoja aliyeandikiwa amoksilini ya miligramu 500, kidonge kimoja kila baada ya saa nane kwa siku tano, yaani vidonge 15. Wenzake waliozoea dirisha huandika kwenye bahasha "1 × 3", wanasoma "moja mara tatu", basi. Yeye alitaka kuwa makini zaidi. Darasani wamefundishwa kuwa dawa za kuua bakteria hupangwa kwa saa, hivyo kwenye bahasha akaandika "1 kila saa 8", na kwa mdomo akamwambia mzee vivyo hivyo: "Mzee, kimoja kila saa nane, siku tano. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwanangu."

Mzee akaondoka, akafika mlangoni, akarudi. "Kijana, hiyo ya usiku, nikipitiwa na usingizi nikainywa saa tisa, kuna ubaya?"

"Saa tisa usiku, mzee? Kwa nini saa tisa?"

"Si umesema kila saa nane? Saa nane ya mchana sina shida nayo. Naulizia hiyo ya usiku."

Hapo ndipo mwenzangu aliposhtuka. Mzee hakukosea hata kidogo. Kwa Kiswahili, "saa nane" ni jina la wakati kwenye saa. Saa zetu tunazihesabu tangu jua linapochomoza, kwa hiyo saa nane ni saa mbili baada ya adhuhuri, na usiku ni saa mbili baada ya saa sita ya usiku. Ukimwambia mtu "kila saa nane" amesikia "kila ikifika saa nane", na kwa siku moja saa nane inafika mara mbili tu. Muda wa kupita huwa tunausema kwa neno jingine: kila *baada ya* saa nane. Neno "baada" likidondoka, dozi moja ya siku inadondoka nayo.

Nikamuuliza: mbona kosa hilo halijaonekana miaka yote hiyo? Tukachukua kalamu tukajaribu. Dawa ya kila baada ya saa 12: ukisema kimakosa "kila saa kumi na mbili", mgonjwa atakunywa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Ni mara mbili, na ni sahihi kabisa! Kosa limejificha ndani ya jibu sahihi. Dawa ya kila baada ya saa 8: atakunywa saa nane mchana na saa nane usiku, mara mbili badala ya tatu. Ya kila baada ya saa 6: atakunywa saa sita mchana na saa sita usiku, mara mbili badala ya nne. Yaani mtoa dawa anaweza kuongea hivyo kwa wagonjwa wa mara mbili kwa siku na asipate lalamiko hata moja, akaamini lugha yake iko sawa.

Sasa, kupungukiwa dozi moja kuna madhara gani? Mwenzangu alinieleza hivi. Amoksilini haikai mwilini muda mrefu. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya kiasi kilichomo kwenye damu huondoka kwa takriban saa moja, nusu ya kilichobaki huondoka saa inayofuata, hivyo hivyo. Na dawa za ukoo wake, ukoo wa penisilini, haziui bakteria kwa wingi wa dozi ya mara moja. Kinachohesabika ni muda ambao dawa imekaa kwenye damu kwa kiwango cha kutosha. Ukiongeza pengo kutoka saa 8 hadi saa 12, unawapa bakteria saa nne zaidi za kupumua na kuzaana kabla ya dozi nyingine. Kumeza viwili kwa pamoja ili kufidia hakuzibi pengo hilo. Halafu kuna hesabu ya pili: mzee angekunywa vidonge 10 kwa siku tano, akabaki na 5 vya kuweka kabatini, akisubiri homa ya mjukuu.

Kilichomnyima mwenzangu usingizi hakikuwa mzee. Mzee alirudi, akapewa maelezo upya, bahasha ikaandikwa upya. Kilichomsumbua ni Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Siku zote tatu alikuwa akiandika "1 kila saa 8", akiuliza "umeelewa?", na watu wakiitikia.

Ijumaa asubuhi alimweleza mfamasia msimamizi. Alitarajia kufokewa. Mama yule alivuta boksi la vyeti vya wiki, wakakaa wakavipitia kimoja kimoja. Wakapata tisa alivyohudumia yeye na vilivyokuwa na dawa ya kila baada ya saa nane. Wagonjwa wanne walikuwa na namba za simu kwenye mafaili. Watatu walipokea. Wawili walikuwa wakinywa asubuhi, mchana na usiku, "kama dawa nyingine tu". Mazoea yaliwaokoa na bahasha. Wa tatu, mama mmoja aliyechukua dawa Jumanne, alisema anaamka kila usiku saa nane kamili na hajaruka hata mara moja. Alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote, na ndiye aliyekuwa akipungukiwa. Msimamizi akamwelekeza aanze siku hiyo hiyo mara tatu kwa siku, asimeze viwili pamoja, amalize vidonge vyote, na homa ikiendelea arudi kwa daktari. Waliobaki hawakupatikana.

Nikamwambia: ripoti yako ndiyo hii. Akauliza, "Na nikikatwa maksi?" Nikamjibu kwamba anayesahihisha ripoti ya kutafakari anatafuta mahali ulipogundua kuwa ulichokuwa unakifanya si ulichodhani. Wewe unapo, tena kwa tarehe.

Tukarudi kwenye mzunguko, tukatumia muda mwingi kwenye "kwa nini", maana hapo ndipo ripoti nyingi hufa. Jibu lake la kwanza lilikuwa "sikuwa makini". Nikamkatalia, kwa sababu alikuwa makini kuliko wenzake, na umakini wenyewe ndio uliomwingiza shimoni. Tulipochimba tukapata sababu mbili. Ya kwanza, maelezo ya dawa aliyasoma kwa Kiingereza, na dirishani aliyahamisha neno kwa neno. Ripoti yenyewe anaiandika kwa Kiingereza, lakini kosa lilitokea kwenye Kiswahili, ndiyo maana hakuna kitabu chake cha darasani kilichomwonya. Ya pili ni lile swali la "umeelewa?" Hili sisi walimu tunalijua vizuri. Ukiuliza darasa "mmeelewa?" watajibu "ndiyooo", na jibu hilo halikwambii chochote. Mzee hakudanganya aliposema ameelewa. Alielewa kweli, ila alielewa kitu kingine.

Kwenye "nitafanyaje" akaandika mambo mawili tu. La kwanza, hatataja tena idadi ya saa. Atataja nyakati zenyewe na kuziandika kwenye bahasha. Kwa dawa ya kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Pia ataangalia maneno "kutwa mara tatu", kwa sababu kutwa kwa wengi huishia jua linapozama. Mtu anaweza kubana dozi zote kati ya saa 1 asubuhi na saa 12 jioni, kisha usiku ukawa pengo la saa 13.

La pili, badala ya "umeelewa?" atasema: "Nataka kujua kama nimekueleza vizuri. Ukifika nyumbani, cha kwanza utakunywa saa ngapi, na kinachofuata saa ngapi?" Namna hiyo mzigo unakuwa kwa aliyeeleza, na mzee wa watu hajisikii amewekwa kwenye mtihani.

Nikamuuliza kuhusu foleni, maana asubuhi dirisha lile linakuwa na watu hadi nje. Akakiri kuwa hataweza kumuuliza kila mtu kila kitu. Kwa hiyo ameandika ataanzia wapi: dawa za bakteria, dawa za watoto, na yeyote anayepewa zaidi ya aina tatu. Anayechukua dawa ya maumivu ya siku mbili atatajiwa nyakati na kuruhusiwa aende. Kwangu mpango wenye mipaka namna hiyo unaaminika kuliko ule wa kuahidi kila kitu.

Ile sentensi ya "umuhimu wa mawasiliano" aliifuta. Mahali pake akaandika: "Jumatatu hadi Jumatano niliandika 'kila saa 8' kwenye bahasha za wagonjwa tisa. Tumewapata watatu."

Nami mwezi ujao nakwenda kufundisha kidato cha pili. Kwenye andalio la somo la kwanza nilikuwa nimeandika, dakika tano za mwisho: "Kuwauliza wanafunzi kama wameelewa." Nimeukata mstari huo.